Nanasi moja, bika tatu, hakuna hata moja iliyoganda: jelatini, pektini na agari

Mwanachuo_Mbeya (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nasoma teknolojia ya chakula, nipo Mbeya. Wiki iliyopita tulifanya jaribio la vigandishi, yaani unga wa kugeuza kimiminika kuwa jeli, na kundi letu limetoka bila jeli hata moja. Ripoti inatakiwa wiki ijayo na sitaki kuandika sababu ya kubuni, kwa hiyo naweka kila kitu tulichofanya.

Tulikamua nanasi bivu, tukachuja, tukagawa mililita 100 kwa kila bika.

Bika A: jelatini gramu 3. Tuliiloweka kidogo kwenye juisi, tukaipasha hadi 60 °C ikayeyuka yote, tukaweka friji usiku kucha. Asubuhi ni maji matupu.

Bika B: pektini gramu 1 na sukari gramu 10. Tukachemsha dakika 2, tukaweka friji. Ni majimaji yenye vidonge vinavyoteleza kama kamasi.

Bika C: agari gramu 1 na maji ya nusu ndimu, kwa kuwa mwongozo ulisema "mazingira ya tunda". Tukaiweka kwenye bakuli la maji ya moto 70 °C kwa dakika 20. Juu juisi, chini kama mchanga.

Kinachonichanganya ni kwamba kundi la meza ya pili walitumia juisi ya nanasi ya boksi, na jelatini yao imeganda vizuri kabisa. Unga ni ule ule, friji ni lile lile. Tatizo ni nini?

---

Kipimo_Sahihi

Mkuu, hilo ni suala la asidi tu. Nanasi ni chachu, asidi inavunja jeli zote. Wenzenu wametumia ya boksi ambayo imeongezwa maji na sukari, uchachu umepungua. Rudieni, wekeni magadi kidogo ya kuokea kwenye juisi kabla ya kigandishi, zote 3 zitaganda. Hapo umemaliza ripoti.

---

Fundi wa Bika

Mleta uzi, shukrani kwa kuweka vipimo, maana bila hivyo tungebaki kubahatisha. Nimesimamia mazoezi haya ya maabara miaka mingi. Bika zako zimekufa vifo 3 tofauti, ndiyo maana dawa moja haiwezi kuzitibu zote.

Kipimo_Sahihi, asidi inahusika kwenye bika moja, nitaifikia. Ila magadi yangeharibu zaidi. Pektini inataka uchachu, ukiuondoa umeinyima kitu cha pili baada ya sukari. Na pektini ikichemshwa kwenye maji yasiyo na uchachu inakatika vipande.

Nianze na A. Jelatini ni protini, imetoka kwenye kolajeni ya ngozi na mifupa. Nanasi bichi, yaani lisilopikwa hata kama limeiva, lina bromelini, kimeng'enya kinachokata protini. Pale mlipoichanganya na juisi ya uvuguvugu, bromelini ilianza kazi hapo hapo. Nyuzi za jelatini zinatakiwa ziwe ndefu ili zikipoa zisokotane na kushika maji. Zikishakatwa vipande vifupi hazisokotani tena, hata uziweke friji wiki nzima. Ile 60 °C yenu haikutosha kukiua kimeng'enya.

Juisi ya boksi imepashwa moto kiwandani, bromelini yake imekufa. Wenzenu hawakuwa na ujuzi zaidi yenu, walikuwa na juisi iliyokwisha kuchemshwa.

Usinikubalie kwa maneno. Fanya bika 4 ndogo, kila moja na jelatini 3 kwa 100. Kwanza iloweke kwenye maji baridi dakika 10 ivimbe, ndipo uiyeyushe. Ya kwanza maji tu. Ya pili nanasi bichi. Ya tatu nanasi hilo hilo lililochemka dakika 5, likapoa hadi 50 °C ndipo ukachanganya. Ya nne maji ya limau yaliyopunguzwa nusu kwa nusu na maji. Pima zote pH kwa karatasi, hicho ni kipimo cha uchachu, namba ndogo ndiyo kali zaidi. Limau hata likipunguzwa hivyo ni kali kuliko nanasi. Kama muuaji ni asidi, limau litashindwa kuganda kabla ya nanasi. Kama ni kimeng'enya, limau litaganda na nanasi lililochemka litaganda, litakaloshindwa ni bichi peke yake.

Bika ya maji msiiache. Kosa kubwa la jaribio lenu la kwanza ni kukosa hiyo bika ya kulinganishia. Jelatini ingekuwa mbovu tangu dukani msingejua.

---

Kipimo_Sahihi

Nimekuelewa kuhusu limau, hilo jaribio ni zuri. Ila tulifundishwa asidi inalegeza jelatini, na nimewahi kuiona kwa macho.

---

Fundi wa Bika

Inalegeza, ndiyo. Jeli ya limau itakuwa laini kuliko ya maji, ukiibonyeza kwa kijiko utaona tofauti. Lakini kulegea si sawa na kubaki maji. Bika A ilikuwa maji.

---

Mama wa Jamu

Jamani mimi ni wa Nairobi, napika jamu ya kuuza. Nimesoma huu uzi kwa sababu ya hiyo pektini. Kitabu changu kinasema nipike hadi kipimajoto kisome 105 °C. Nikifika hapo jamu yangu inakuwa ngumu kama peremende, rangi imekuwa ya kahawia, na baada ya siku chache sukari inafanya punje. Dada yangu Mombasa anafuata kitabu hicho hicho na yake ni sawa. Je, ni pektini ninayonunua?

---

Fundi wa Bika

Mama, pektini yako haina kosa, ni mwinuko wa mji wako. Mombasa maji yanachemka 100 °C. Nairobi ipo karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji yanachemka kama 94 au 95 hivi. Kinachotafutwa kwenye jamu si namba 105 yenyewe. Kinachotafutwa ni mchemko uliopanda kama nyuzi 4 au 5 juu ya mchemko wa maji matupu, kwa kuwa hapo ndipo sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka vinakuwa karibu sehemu 65 kwa 100. Kwako hiyo ni takribani 99. Ukisubiri 105 umeshafukuza maji kupita kiasi, na moto wa ziada umeanza kuikata pektini yenyewe.

Kila asubuhi chemsha maji matupu, soma kipimajoto, ongeza 4 na nusu. Hiyo ndiyo namba yako ya kuepulia siku hiyo. Na hata kipimajoto kikiwa na kasoro, kasoro hiyo inajifuta yenyewe kwa sababu umelinganisha nacho chenyewe.

Mwanachuo, na wewe upo Mbeya, mwinuko ni kama ule ule, kwa hiyo hili linakuhusu.

Sasa bika B. Pektini ya kawaida ya jamu haifanyi kazi kwa kupozwa tu. Nyuzi zake zimejizungushia maji na zinasukumana kwa kuwa zina chaji hasi. Sukari nyingi inawanyang'anya yale maji, asidi inapunguza zile chaji, ndipo nyuzi zinakaribiana na kushikana. Sukari inatakiwa ifike juu ya 55 kwa 100, na kwa jamu tunalenga 65. pH iwe kama 3.0 hadi 3.4.

Hesabu yenu. Juisi ya nanasi yenyewe ina kama gramu 13 za vitu vilivyoyeyuka katika gramu 100. Mkaongeza 10 za sukari na 1 ya pektini, jumla 24 kwenye uzito wa 111. Hiyo haifiki hata 22 kwa 100. Mmekaa theluthi moja ya njia.

Fanyeni hivi: juisi gramu 100, sukari gramu 100, pektini gramu 1. Vitu vikavu jumla ni 13 na 100 na 1, yaani 114. Ili 114 iwe sehemu 65 kwa 100, uzito wa mwisho uwe 114 ÷ 0.65, karibu gramu 175. Mlianza na 201. Kwa hiyo mvuke wa gramu 26 uondoke. Pimeni sufuria tupu kabla, kisha chemsheni mkirudi kwenye mizani mpaka isome sufuria na 175 juu yake. Mizani haijali mwinuko.

Vidonge vyenu vinavyoteleza ni pektini iliyomwagwa kavu ikajifunga nje kabla ya kulowa ndani. Ichanganyeni kwanza na sukari gramu 5 hivi, mnyunyize kwenye juisi ya moto mkikoroga, ichemke hadi isionekane punje, ndipo sukari iliyobaki iingie. Mkianza na sukari yote, pektini itakosa maji ya kuyeyukia.

---

Bint Paje

Assalaam aleikum. Mimi nataka kuuliza kuhusu hiyo jelatini, kwamba jaribio la maabara linaweza kuonesha kama ni ya nguruwe au ng'ombe? Na pia kwa nini mnanunua agari wakati kwetu Unguja mwani upo tele? Mama yangu analima mwani miaka mingi, na tukiuchemsha muda mrefu unatoa utelezi, tunatia maziwa na sukari, tunapata puding'i. Hiyo si agari?

---

Fundi wa Bika

Waaleikum salaam. La kwanza: majaribio ya aina hii hayawezi. Ukitia sodiamu haidroksidi, yaani NaOH, na tone la kopa salfeti, yaani CuSO4, jelatini yoyote itageuka zambarau, ya ng'ombe na ya nguruwe sawasawa, kwa kuwa rangi inaonesha protini tu. Kutenganisha mnyama kunahitaji vipimo vya maabara kubwa. Kwa matumizi yako tegemea cheti cha bidhaa, au tumia agari, ambayo haina mnyama ndani yake.

La pili: mwani unaolimwa kwenu, spinosamu na kotonii, hautoi agari. Unatoa karajinani. Agari inatoka kwenye mwani mwekundu mwingine, wa jamii za Jelidiamu na Grasilaria. Ni ndugu, lakini tabia zao hazifanani. Karajinani ya spinosamu inaganda laini na kunyumbuka, inapenda kalsiamu, ndiyo maana puding'i yenu ya maziwa inashika. Ya kotonii ni ngumu zaidi na inapenda potasiamu. Agari haihitaji chumvi yoyote, inaganda kwenye maji matupu. Kwenye lebo utaziona kama E406 kwa agari na E407 kwa karajinani.

---

Bint Paje

Ahsante, hili sikulijua. Spinosamu ndiyo anayolima mama. Na kweli puding'i yetu ni laini, haikatiki kama ile ya unga wa dukani. Tukitumia maji badala ya maziwa inakuwa kama uji.

---

Daktari wa Darubini

Mimi ni wa maabara ya hospitali, sipiki jamu, ila agari naishika kila siku. Sisi tunaotesha bakteria kwenye sahani za agari kwa 37 °C. Zamani maabara ya Robert Koch ilitumia jelatini na ilikuwa inayeyuka kwenye joto hilo, tena bakteria wengine waliila wakaigeuza maji, kama hilo nanasi lenu. Aliyeleta wazo la agari mwaka 1881 ni Fanny Hesse, mke wa mtafiti aliyefanya kazi kwa Koch. Yeye aliijua jikoni, akiitumia kwa jeli na puding'i zilizohimili joto la kiangazi.

Kuhusu bika C, hiyo 70 °C haitoshi. Sisi tunachemsha mpaka myeyusho unakuwa angavu, huoni chembe. Agari ambayo haijachemka ni mchanga, na mchanga hauwezi kuganda hata ukiweka barafu.

---

Fundi wa Bika

Daktari amemaliza. Naongeza moja tu, na hapa ndipo Kipimo_Sahihi ana haki yake. Mtu akisikia "chemsha" atachemsha agari ndani ya juisi yenye ndimu. Asidi na mchemko vikikutana vinaikata agari, unapata jeli legevu inayotoa maji pembeni. Kwa hiyo chemsha gramu 1 kwenye maji mililita 50 mpaka iwe angavu, dakika 3 hivi. Pembeni pasha juisi mililita 50 hadi 50 au 60 °C. Changanya ukikoroga, mimina, acha mezani. Ndimu iingie mwisho.

Juisi isitoke friji. Agari inaanza kuganda karibu 35 hadi 40 °C, kwa hiyo juisi baridi itaigandisha ghafla, utapata matambara yanayoelea badala ya jeli moja.

Na bromelini haitakusumbua hapa. Agari si protini, kimeng'enya hicho hakina cha kukata.

---

Mwanachuo_Mbeya

Wakuu, nimerudi. Jumatano tulipewa maabara saa 3. Majibu haya.

Jelatini: ya maji imeganda imara. Ya limau imeganda, laini, kijiko kinazama kirahisi, ila ni jeli. Ya nanasi lililochemka imeganda. Ya nanasi bichi ni maji. Karatasi ya pH ilisoma limau kati ya 2 na 3, nanasi kati ya 3 na 4. Kwa hiyo aliye mkali zaidi ndiye aliyeganda.

Tulichemsha na ile bika A ya zamani kuona kama itaokoka. Haikuganda. Tukatia NaOH na CuSO4 kwenye ile maji maji, bado ikatoa rangi, ingawa ni ya pinki zaidi kuliko zambarau.

Agari: imeganda mezani bila friji, inakatika kwa kisu. Tukachukua kipande cha jeli ya agari na cha jelatini, juu ya kila kimoja tukaweka kipande cha nanasi bichi. Baada ya saa 1, ya jelatini imetoboka shimo lenye maji chini ya nanasi. Ya agari haikuguswa. Vyote viwili tukavitia kwenye maji ya 60 °C: jelatini ikapotea, agari ikabaki na kona zake.

Pektini ndiyo bado. Tulipima sufuria hadi 175 kama ulivyosema. Kipimajoto kilisoma 99 wakati huo, maji matupu yalisoma 95. Imekuwa nzito kama asali ila haijashika. Karatasi ya pH ilikuwa kama 4. Tukaongeza maji ya ndimu kijiko cha chai, tukapasha kidogo, tukaacha hadi asubuhi. Imekuwa nzito zaidi, lakini bado inamwagika ukiinamisha.

---

Fundi wa Bika

Kazi nzuri sana. Ile pinki andika kwenye ripoti: vipande vya protini bado vipo, ila vimekuwa vifupi. Ndiyo maana kuchemsha hakukuiokoa. Ukimuua aliyekata uzi, uzi haujiungi.

Kwa pektini, swali langu ni moja. Kwenye kopo pameandikwa nini?

---

Mwanachuo_Mbeya

Ni kopo la zamani la maabara, lebo imechanika. Imebaki "E440" tu.

---

Mama wa Jamu

Mwanangu, ijaribu kwa spiriti. Sisi tunatia kijiko cha juisi ya tunda kwenye glasi, vijiko 3 vya spiriti, tunatikisa polepole, tunaacha dakika. Ikiganda donge moja pektini ni nyingi, ikifanya vipande vidogo vidogo ni kidogo. Mapera yangu yanafanya donge, nanasi halifanyi kitu. Halafu mwaga, usionje.

Na kuhusu mwinuko, leo nimeepua 99. Rangi imebaki ya mapera. Nitasema baada ya wiki kama itafanya punje.

---

Kipimo_Sahihi

Mimi nadhani kopo limezeeka. Pektini ikikaa miaka mingi kwenye joto nguvu inapungua. Wangeongeza ziwe gramu 2 waone.

---

Fundi wa Bika

Inawezekana, na sina cha kukupinga nacho. Lakini kuna uwezekano wa pili. E440 inabeba pektini za aina mbalimbali. Ipo ya jamu, inayotaka sukari na asidi. Ipo nyingine ambayo imepunguzwa vikundi vya methili, na hiyo haishikani kwa sukari bali kwa kalsiamu. Ukiipikia jamu ya nanasi yenye kalsiamu kidogo, unapata kitu kizito kisichoshika, kama hicho chako.

Spiriti ya Mama itakuonesha kama pektini ipo. Haitakuonesha ni aina gani, zote 2 zitafanya donge.

Kutofautisha: yeyusha gramu 1 kwenye maji mililita 100 bila sukari, gawa mara 2. Nusu moja tia matone ya myeyusho wa kalsiamu kloridi ukikoroga. Nusu nyingine iache. Ikishika ile yenye kalsiamu peke yake, umempata. Zisiposhika zote, rudi kwenye wazo la Kipimo_Sahihi, na hapo ndipo gramu 2 zina maana.

---

Mwanachuo_Mbeya

Jumatatu tuna saa 1 ya maabara kabla ya ripoti. Nitafanya vyote, cha kalsiamu kwanza. Maji ya bomba yanafaa?

---

Daktari wa Darubini

Hapana, tumia maji yaliyotoneshwa. Ya bomba huwa na kalsiamu yake, na ile nusu ya kulinganishia inaweza kushika kabla hujatia kitu.